Cheti Ukutani Hakioshi Mikono



Kama una hoteli ndogo hapa Kyangwali, au kama unapika, unaosha sahani au unagawa chakula katika hoteli ya mtu mwingine, maneno haya ni yako. Hata mama anayekaanga mandazi kando ya barabara asiseme hayamhusu. Mkaguzi wa afya hatazami kama nyumba yako ni ya matofali au ya turubai. Anatazama kama unapika chakula ambacho watu wengine wanakilipia na kukila.

Ukaguzi ukikaribia, wengi hukimbilia karatasi. Mwenye hoteli anauliza cheti kinatolewa wapi, kwa pesa ngapi, na kama kinaweza kupatikana leo leo. Kikishapatikana anakitia ndani ya nailoni, anakipigilia ukutani juu ya meza ya pesa, na hapo anaona kazi imekwisha. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, na maoni yangu ni kwamba tunaanzia mwisho. Cheti ni lazima, sikatai. Lakini mkaguzi anayeijua kazi yake hukitazama cheti dakika moja, halafu muda wote uliobaki anautumia nyuma, jikoni na chooni. Afadhali ujue anatafuta nini huko nyuma, na kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu karatasi zenyewe, maana watu wanazichanganya. Kuna karatasi ya nyumba na kuna karatasi ya mtu. Karatasi ya nyumba inasema kwamba mahali pale panafaa kuuziwa chakula: pana choo, pana maji, pana mahali pa kutupa taka, na jiko limetengwa na mahali pa kulala. Hiyo ni moja kwa hoteli nzima. Karatasi ya mtu ni cheti cha uchunguzi wa afya, na kila anayegusa chakula au vyombo anapaswa kuwa na chake. Mwenye hoteli akipimwa peke yake, cheti chake hakiwafuniki mpishi na kijana wa kuosha sahani. Hapo ndipo wengi wanakwama. Mkaguzi anakuta watu watano jikoni na vyeti viwili ukutani, na kimoja ni cha dada aliyeacha kazi zamani. Cheti kina jina la mtu na tarehe ya kuisha. Visome vyote viwili kabla mkaguzi hajavisoma.

Sasa huo uchunguzi unaonyesha nini? Unapokwenda kituo cha afya, mara nyingi utaombwa kuleta choo kikubwa katika kikopo safi. Kifikishe kikiwa kibichi, ndani ya saa moja hivi, maana amiba hufa upesi na mtu wa maabara hawezi tena kuitambua. Yeye anaweka tone dogo chini ya hadubini na kutafuta mayai ya minyoo, amiba na vimelea wengine. Mganga atakutazama ngozi na mikono kama una vidonda au majipu, na atakuuliza kama unakohoa kwa muda mrefu. Hayo yote ni mazuri. Lakini bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo hawatambuliki kwa kutazama tone la choo chini ya hadubini. Ili kuwapata kwa uhakika inabidi kuwaotesha katika maabara yenye vifaa, na hilo halifanyiki kwa kila mpishi anayekuja kuomba cheti. Hata minyoo haitoi mayai kila siku kwa wingi ule ule, kwa hiyo choo cha leo kinaweza kuonekana safi na cha kesho kikawa na mayai.

Kwa maneno mengine, cheti kinasema habari ya siku uliyopimwa. Ukianza kuhara wiki mbili baadaye, karatasi ile haitabadilika rangi. Hili si wazo langu peke yangu. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya wataalamu waliochunguza jambo hili hili la kuwapima wapishi mara kwa mara. Walisema upimaji wa namna hiyo hausaidii kuzuia magonjwa ya chakula, na kwamba lililo muhimu ni kumfundisha mpishi na kumtoa jikoni anapougua. Hiyo haina maana uache kwenda kupimwa. Sheria inataka cheti, na mkaguzi ana uwezo wa kukufungia hoteli. Nasema tu usikitegemee kufanya kazi ambayo hakiwezi kuifanya.

Jambo moja nilitie hapa kabla sijasahau. Kuna wenye hoteli wanaodai mpishi apime virusi vya ukimwi kabla ya kumpa kazi. Hilo si haki, wala halina maana yoyote kwa usafi wa chakula. Virusi vya ukimwi haviambukizwi kwa chakula, kwa sahani wala kwa kikombe. Mpishi akiulizwa hivyo, aje kituoni atueleze.

Turudi kwa mpishi anayeugua, kwa sababu kwangu hapo ndipo shina la jambo lote. Kuna habari ya kweli ya mwanamke mmoja aliyeitwa Mary Mallon, mpishi katika mji wa New York kule Amerika. Alikuwa amebeba bakteria wa homa ya matumbo bila kuumwa chochote, na katika nyumba alizopikia watu waliugua. Mwaka 1907 serikali ilimshika ikamtenga. Mwaka 1910 wakamwachilia kwa ahadi kwamba hatapika tena, akawa anafua nguo za watu. Kazi hiyo ilimpa pesa kidogo kuliko upishi. Baadaye akabadilisha jina akarudi jikoni, na mwaka 1915 wakamkuta ni mpishi katika hospitali ya akina mama ambako watu 25 walikuwa wameugua. Walimtenga tena mpaka alipokufa mwaka 1938. Watu wengi wakisikia habari hii wanamlaumu mwanamke. Mimi najiuliza pia kama kuna mtu aliyefikiria atakula nini.

Tazama hoteli zetu. Tuseme kijana wa jikoni analipwa shilingi 5,000 kwa siku, na siku asiyofika halipwi. Usiku anahara mara nne. Asubuhi anajua kabisa kwamba akisema, atarudishwa nyumbani bila pesa, na labda nafasi yake itapewa mwingine. Basi atanyamaza. Atakunywa dawa aliyonunua dukani, atakuja kazini, atakata nyanya na kufinyanga chapati. Cheti chake kiko ukutani, bado hakijaisha, na kila mteja anakiona.

Tufanye hesabu. Aliyehara anapaswa kukaa mbali na chakula mpaka kuhara kukome, na baada ya hapo aongeze saa 48, yaani siku mbili kamili, kwa sababu vijidudu vinaendelea kutoka katika choo hata tumbo likiwa limetulia. Kwa kawaida hiyo ni kama siku tatu. Kama mwenye hoteli atamlipa hata akiwa nyumbani, ametoa shilingi 15,000. Sasa tuseme hoteli hiyo inauza sahani 40 kwa siku, kila moja shilingi 3,000. Hiyo ni shilingi 120,000 zinazoingia kwa siku. Watu wakiugua baada ya kula kwako na mkaguzi akafunga mlango siku saba, mauzo ya shilingi 840,000 hayakuingia, na hata ukifungua tena wateja watakuwa wamezoea kula kwa jirani. Mwenye hoteli anayeona shilingi 15,000 ni nyingi hajafanya hesabu hii. Kama kweli huwezi kumlipa akiwa nyumbani, mpe kazi isiyogusa chakula wala vyombo, kama kupasua kuni au kufagia uwanja, lakini usimwache bila kitu halafu utegemee atakuambia ukweli.

Mkaguzi mzuri anajua hayo. Ndiyo maana atamvuta mtumishi pembeni na kumuuliza taratibu: ukiumwa tumbo hapa unafanya nini? Asipojibu, akamtazama tajiri wake kwanza, mkaguzi amekwisha kupata jibu.

Halafu ataenda chooni, na kutoka chooni atatafuta mahali pa kunawia. Kila hoteli siku hizi ina jerikani lenye bomba au kibuyu chirizi, kwa hiyo kuwepo kwake hakumshangazi mkaguzi. Anachotafuta ni dalili kwamba kinatumika. Atalitikisa jerikani aone kama lina maji. Atatazama chini yake, maana mahali wanaponawa watu kila saa ardhi huwa na unyevu, na vumbi kavu linamwambia kwamba jerikani ni la maonyesho. Atashika sabuni. Sabuni iliyokauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi haijaguswa siku nyingi. Kama huna sabuni, majivu safi yanafaa kuliko maji matupu, na mkaguzi atakuelewa ukimwonyesha majivu yaliyopungua kweli katika kopo.

Upande wa wateja kuna desturi inayotusumbua. Sisi tunakula bugali kwa mkono, na hoteli nyingi zinazungusha beseni moja. Wa kwanza ananawa, wa pili anatia mikono katika maji ya wa kwanza, na wa sita anatia mikono katika uchafu wa watano. Anayefika mwisho anatoka na mikono michafu kuliko aliyokuja nayo. Beseni lenyewe halina kosa, ila libaki chini kupokea maji, na mtu amwagilie mteja kutoka juu kwa jagi. Maji yakigusa mkono mmoja yasiguse mwingine.

Na jagi la maji ya kunywa? Hapa Kyangwali hatuwezi kuzungumza juu yake kama mzaha. Mwaka 2018 wakati wenzetu wengi walipokuwa wakivuka Ziwa Alberti kutoka Ituri, kipindupindu kiliingia katika makazi haya na katika vijiji vya kando ya ziwa. Zaidi ya watu 2,000 waliugua na zaidi ya 40 walikufa. Maji ya kijito na ya ziwa yaliyonywewa bila kutiwa dawa ndiyo yaliyobeba ugonjwa. Kwa hiyo mkaguzi akiuliza maji yako yanatoka wapi, usimjibu "kwa mchotaji". Unatakiwa kujua mchotaji anachota wapi. Atauliza umeyatia dawa au umeyachemsha lini, na atatazama mnavyoyatoa katika pipa. Kikombe chenye mkono mfupi kinachozamishwa pamoja na vidole kinaharibu maji yaliyokuwa mazuri. Chombo chenye bomba au chenye mdomo mwembamba wa kumimina kinamaliza shida hiyo.

Sasa jikoni kwenyewe. Swali la mkaguzi linalowachanganya wapishi ni fupi: hiki kimepikwa saa ngapi? Wengi wanadhani anataka kujua kama chakula ni cha jana. Hata cha leo kinaweza kuwa kibaya, na mfano mzuri ni wali.

Mchele unakuja kutoka shambani ukiwa na vijidudu vyenye ganda gumu. Unapochemka, vijidudu vya kawaida vinakufa, lakini hivyo vyenye ganda vinabaki vimelala. Mpishi anapika sufuria kubwa saa kumi na mbili asubuhi, anaepua, anafunika, moto unazimika. Kufika saa tatu wali umekuwa wa uvuguvugu, na uvuguvugu ndio unaoviamsha. Vinazaana, na baadhi yake vinatoa sumu ndani ya chakula. Saa kumi jioni wali uliobaki unakaangwa kwa mafuta na kitunguu, unanukia vizuri, na mteja anaufurahia. Lakini sumu hiyo haivunjiki kwa kukaangwa wala kwa kuchemshwa. Kabla hajalala anatapika, pengine nusu saa baada ya kula, pengine saa tano au sita. Kesho yake anasema amerogwa, au anasema mafuta yalikuwa mabaya. Hakuna cheti chochote cha mpishi kingeweza kuzuia hilo, kwa sababu mpishi mwenyewe ni mzima kabisa.

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto wala baridi. Kikiwekwa kwa ajili ya kuuzwa kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60. Mkaguzi anaweza kuwa na kipimajoto. Wewe kama huna, tazama mvuke: ukifunua sufuria na kukoroga mpaka chini, mvuke utoke kwa nguvu, na sahani mteja aipulize kabla ya kula. Sufuria ya maharage au ya sombe ikae juu ya makaa yaliyofunikwa na majivu, isiwekwe chini sakafuni. Maharage yaliyopoa kidogo yachemke tena mpaka yatoe mapovu katikati, si pembeni tu. Wali uliokaa wa uvuguvugu nusu siku usiuokoe, umwage.

Najua jibu la wenye hoteli, nimelisikia mara nyingi: makaa ni ghali, siwezi kupika mara mbili. Nakubali kwamba makaa ni ghali. Lakini sufuria moja kubwa inayobaki nusu kila jioni nayo inakula makaa, na juu yake inakula mchele. Andika kwa siku saba ni sahani ngapi za wali unauza kabla ya saa nane mchana na ngapi baada ya hapo. Wengi wataona kwamba baada ya saa nane ni sahani chache tu, ambazo sufuria ndogo ingezitosha, ikipikwa saa kumi.

Kuhusu vyombo nitasema kwa kifupi. Mkaguzi anataka kuona mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuza, na la mwisho lenye maji yaliyotiwa Jiki. Kwa Jiki iliyoandikwa asilimia 3.5 kwenye chupa, vijiko vinne vikubwa katika jerikani la lita 20 vinatosha. Sahani zikae humo dakika mbili, halafu zipangwe kwenye kichanja zikauke kwa hewa na jua. Usizifute kwa kile kitambaa kinachofuta pia meza na jasho. Mkaguzi akikiona begani kwa mtu, atakiandika. Na maji ya Jiki yakishakuwa na ukungu wa mafuta, nguvu yake imekwisha. Yamwagwe, yatengenezwe mengine.

La mwisho ni daftari. Nunua moja la kurasa 48, lining'inie jikoni kwa kamba pamoja na kalamu. Kila asubuhi andika tarehe, majina ya waliofika kazini, na kama kuna aliyesema anaumwa tumbo, anatapika, au ana kidonda mkononi, na ulimfanyaje. Chini yake andika saa wali ulipotoka jikoni na saa ulipokwisha. Ni mistari minne mitano, na asiyejua kusoma anaweza kusaidiwa na mtoto wake anayekwenda shule. Usiandike yote siku ya kuamkia ukaguzi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kwa sababu hilo mkaguzi analitambua kwa kupindua kurasa mara mbili. Na ikitokea ukurasa mmoja unasema fulani alihara Jumanne na akarudi kazini Ijumaa, usiuchane kwa kuogopa. Huo ndio ukurasa wa kumfungulia mkaguzi kwanza.